Nimepewa 4 kwa 20 na programu yangu inafanya kazi

Mwalimu, asalam aleikum.

Mimi ni kijana wa Langoni, Lamu, nasoma stashahada ya kompyuta katika chuo kimoja hapa Malindi. Muhula huu nimefeli Utangulizi wa Programu kwa alama mbili tu: nina 38, na ya kupita ni 40. Majaribio ya muhula nilipata 12 kwa 30, mtihani 26 kwa 70. Mkufunzi alituruhusu kutazama vijitabu vyetu ofisini na kuvipiga picha. Swali la 1 nimepewa (a) 4, (b) 3, (c) 5, (d) 0, (e) 6, na kwenye jalada pameandikwa 17. Swali la 4 nina 5, hilo sina neno, sikulisoma vizuri.

Kinachoniuma ni Swali la 2, nimepewa 4 kwa 20. Sehemu ya (a) ilitaka fanksheni ya Python inayopokea orodha ya uzito wa samaki na kurudisha wastani, bila kuhesabu siku zenye sifuri. Nimepewa 3 kwa 12, na pembeni pameandikwa "return imo ndani ya lupu". Haimo! Ukurasa uliisha, nikaendelea nyuma yake. Sehemu ya (b) ilitaka tuitumie fanksheni hiyo kwa siku 7. Nimepewa 1 kwa 8, "jibu si sahihi", basi. Nimeichapa programu nyumbani, nikaipa 12, 0, 9, 15, ikatoa 12.0, sawasawa kabisa. Na Swali la 1(d) waliuliza `print(-7 // 2)` inachapisha nini, nikaandika -3, wakanipa sifuri.

Nimeandika barua ya kurasa tatu kwa idara. Nimewaeleza kwamba mkufunzi hatupendi watu wa visiwani, kwamba baba ni mvuvi na kusi imeingia, ada ya kurudia somo hatuna. Mwenzangu wa chumba kaisoma kaniambia nisiipeleke. Unasemaje?

Kijana wa Langoni, Malindi

*

Waaleikumu salaam, mwanangu.

Mwenzako wa chumba ana akili, mnunulie mahamri. Barua hiyo usiipeleke. Lakini kabla hatujaandika nyingine, hebu chukua kalamu ujumlishe 4, 3, 5, 0 na 6.

Umepata 18. Jalada linasema 17. Umeniandikia tarakimu zote tano kwa mkono wako na hukuzijumlisha. Huna 38, una 39, na hilo halihitaji hoja wala huruma ya mtu. Nimesahihisha vijitabu kwa miaka mingi na najua linavyotokea. Alama zinaandikwa ndani, pembeni mwa kila jibu, kisha zinahamishwa kwenye jedwali la jaladani. Ukifika kijitabu cha themanini usiku, taa ya umeme imezimika mara mbili, jicho linaruka. Ndiyo maana sisi tulikuwa tunabadilishana vijitabu, mmoja anasahihisha, mwingine anajumlisha. Si kila idara hufanya hivyo.

Hapo ndipo barua yako inapaswa kuanzia, kwa sababu kuna maombi mawili tofauti ambayo wanafunzi huyachanganya. Kuna kuhesabu upya, yaani mtu afungue kijitabu aone kama kila jibu lina alama na kama jumla ni sawa. Kazi hiyo karani anaweza kuifanya kwa dakika tano. Na kuna kusahihisha upya, yaani mwalimu asome tena jibu lako na kuamua tena. Vyuo vingi huyatenganisha mambo haya mawili, na pengine ada na fomu zake ni mbali mbali. Ukiandika tu "naomba mtihani wangu uangaliwe", utahesabiwa upya, utapewa ile alama moja, na utajibiwa kwamba ombi lako limekamilika. Utabaki na 39. Kwa hiyo yataje yote mawili, kila moja kwa jina lake.

Sasa hilo la `-7 // 2`. Lifute, na usilitaje hata kwa mdomo. Umekosea. Katika Python alama ya `//` hugawanya kisha hushuka hadi namba nzima iliyo chini. -7 kwa 2 ni -3.5, na ukishuka kutoka hapo unafika -4, si -3, maana -3 iko juu yake. Kwenye Java au C ya leo ungekuwa sahihi, kwa sababu huko wakigawanya namba nzima hukata sehemu ya desimali na kuelekea sifurini, na jibu ni -3. Nadhani ulisoma moja ya hizo mbili kwanza. Tatizo si zile alama chache za (d). Tatizo ni kwamba mtu atakayesoma barua yako anaijua Python kuliko wewe, na akikutana na dai moja la uongo, hata kama umelisema kwa moyo safi, atayasoma yale mengine mawili ya kweli kwa jicho hilo hilo. Nimekaa upande huo wa meza, najua.

Tuje kwenye samaki.

Picha ulizonitumia nimezitazama vizuri. Chini ya ukurasa wa kwanza umeandika hivi:

```python
def wastani(uzito):
    jumla = 0
    idadi = 0
    for u in uzito:
        if u > 0:
            jumla = jumla + u
            idadi = idadi + 1
```

Na juu ya ukurasa wa nyuma:

```python
    if idadi == 0:
        return 0
    return jumla / idadi
```

Programu ni nzuri. Umekumbuka hata kuizuia isigawanye kwa sifuri pale ambapo wiki nzima hapakuvuliwa kitu. Lakini Python haina mabano ya kufungia lupu kama Java au C. Lupu inakwisha pale mstari unaporudi kushoto, na hapana alama nyingine. Kwenye skrini hilo halina shida. Kwenye karatasi ya mtihani, iliyoandikwa kwa mkono na kwa haraka, ni jambo la upana wa kidole. Tena wewe ulikuwa unageuza ukurasa: msahihishaji aliyefika nyuma hakuiona tena ile `for` ili alinganishe. Aliona `if` iliyosogea kidogo kutoka ukingoni, akaiunga na lupu.

Hapo ushahidi wako wa nyumbani hausaidii, kwa sababu mbili. Ya kwanza ni kwamba ulipoichapa kwenye kompyuta, wewe ndiye uliyechagua nafasi za kushoto. Ulichothibitisha ni kwamba ulichokusudia kinafanya kazi. Anayebishana nawe habishi ulichokusudia, anabisha kilichoko kwenye karatasi.

Ya pili ni mbaya zaidi, na nilicheka kidogo nilipoiona, unisamehe. Chukua zile namba zako, 12, 0, 9, 15. Kwa usomaji wako, jumla ni 36, siku ni 3, wastani ni 12.0. Sasa zipitishe kwa usomaji wa msahihishaji, ambapo `return` imo ndani ya lupu. Namba ya kwanza ni 12, jumla inakuwa 12, idadi inakuwa 1, na hapo hapo inarudisha 12 kwa 1, yaani 12.0. Fanksheni imekufa kwenye siku ya kwanza bila kugusa zile nyingine, na imetoa jibu lile lile! Umechagua kipimo ambacho hakiwezi kutofautisha programu nzima na mbovu. Ungeipeleka idarani, mkufunzi angeipitisha kwa kichwa, akakurudishia.

Tafuta namba ambazo wastani wake hauwi sawa na namba ya kwanza. Kwa mfano 10, 0, 8, 15. Kwa usomaji wako: 10 inaingia, idadi 1. Sifuri inarukwa. 8 inaingia, jumla 18, idadi 2. 15 inaingia, jumla 33, idadi 3. Lupu imekwisha, 33 kwa 3 ni 11.0. Kwa usomaji wa msahihishaji inarudisha 10.0 baada ya siku ya kwanza na kwisha. Mifano hiyo miwili haithibitishi kwamba karatasi yako inasema nini, hilo ni la rula. Inachofanya ni kuonyesha kwamba unaelewa kwa nini alikukata, na kwamba ugomvi wote umebaki kwenye swali moja dogo: ule mstari wa `if idadi` umeanzia wapi?

Basi chukua rula. Usipime kwenye picha, kwa sababu simu ikiinama kidogo mistari inapinda. Omba ukione kijitabu chenyewe tena, na upime kutoka ule mstari mwekundu wa ukingoni. Pima `for` iko umbali gani, na `if u > 0` iko umbali gani, kisha geuza upime `if idadi`. Kwa jicho langu, kwenye picha, `for` iko kama sentimita moja, `if u > 0` kama mbili, na `if idadi` iko moja na kitu. Ikiwa kwenye kijitabu ni hivyo hivyo, imekaa kwenye safu ya `for`, na hoja ni yako. Ikitokea kwamba iko moja na nusu, katikati kabisa, sema hivyo hivyo, kwamba iko katikati. Usiongeze milimita, kwa sababu rula wanayo na wao. (Na mtihani ujao, ukiona ukurasa unakwisha, andika juu ya ukurasa mpya `# nje ya lupu`. Maneno mafupi, na Python haiyasomi, msahihishaji ndiye anayeyasoma.)

Lakini hoja yako yenye nguvu kuliko zote haitegemei rula, na hukuiona. Tuseme msahihishaji amesema kweli, `return` imo ndani ya lupu. Je, kosa hilo moja ni la alama tisa? Karatasi ya maswali ilisema "alama 12" na haikusema zinagawanywa vipi. Mimi ningeligawa swali kama hilo namna hii: kichwa cha fanksheni alama 1, kuanzisha `jumla` na `idadi` 2, lupu 2, sharti la kuruka sifuri 2, kujumlisha na kuhesabu 2, kinga ya kugawanya kwa sifuri 1, kugawanya na kurudisha 2. Jumla 12. Wao watakuwa na mgawanyo wao, lakini sioni mgawanyo ambao vitu vile vitano vya mwanzo, vyote vimekaa sawa kwenye ukurasa wa kwanza, vinaleta 3. Kinachoonekana ni kwamba aliona jibu la mwisho si sawa, akakata jibu zima. Kwenye hesabu za kawaida hakuna mwalimu anayefanya hivyo, mtoto akikosea kujumlisha mwishoni hupewa alama za njia. Programu nayo ina njia.

Na sehemu ya (b) ni kosa lile lile limekatwa mara ya pili. Uliandika:

```python
uzito = []
for i in range(7):
    uzito.append(float(input("Kilo: ")))
print(wastani(uzito))
```

Inasoma namba saba, inazigeuza kuwa desimali, inaita fanksheni, inachapisha. Swali lilitaka uitumie fanksheni ya (a), ukaitumia. Ikiwa (a) ina dosari, (b) itatoa jibu lenye dosari hata kama yenyewe haina kosa lolote. Wasahihishaji wana kawaida ya kulifuata kosa: wanakata pale lilipozaliwa, kisha sehemu inayofuata wanaisoma kana kwamba ile ya kwanza ilikuwa sahihi. Idara yenu huenda ina kawaida hiyo au haina. Ndiyo maana unauliza, hudai.

Sasa barua. Katiba yetu ya mwaka 2010, ibara ya 7, imekifanya Kiswahili na Kiingereza zote kuwa lugha rasmi, na kama idara inapokea Kiswahili, ipeleke kama ilivyo. Ikiwa mambo ya mitihani kwenu yanakwenda kwa Kiingereza, igeuze, lakini usiirefushe. Hii hapa, jaza penye nafasi:

*Kwa Mwenyekiti wa Idara. Nakala: Mratibu wa Mitihani.*

*Kuhusu: Ombi la kuhesabiwa upya alama za Swali la 1 na kusahihishwa upya Swali la 2, Utangulizi wa Programu, mtihani wa tarehe …*

*Mimi ni mwanafunzi wa mwaka wa …, namba ya usajili … Matokeo yangu katika somo hili ni 38. Nilikiona kijitabu changu ofisini kwa mkufunzi tarehe …, kwa ruhusa yake, na nimezungumza naye kuhusu mambo yafuatayo tarehe …*

*La kwanza. Katika Swali la 1, alama zilizoandikwa ndani ni 4, 3, 5, 0 na 6, ambazo jumla yake ni 18. Jedwali la jalada linaonyesha 17. Naomba alama za kijitabu chote zihesabiwe upya.*

*La pili. Katika Swali la 2(a) nimepewa 3 kwa 12, na maelezo yaliyoandikwa ni kwamba* `return` *imo ndani ya lupu. Jibu langu limegawanyika kati ya ukurasa wa … na ukurasa wa nyuma yake. Mstari wa* `if idadi == 0` *ulioko nyuma umeanzia sentimita … kutoka ukingoni, na mstari wa* `for` *ulioko mbele umeanzia sentimita … Naomba kurasa hizo mbili zisomwe pamoja. Kwa orodha 10, 0, 8, 15, fanksheni hiyo ikisomwa* `return` *ikiwa nje ya lupu inarudisha 11.0, ambao ndio wastani sahihi. Ikisomwa ikiwa ndani, inarudisha 10.0. Ninakubali kwamba usomaji wa pili ungekuwa kosa.*

*Hata kwa usomaji huo wa pili, naomba nielezwe alama 12 zimegawanywa vipi katika mwongozo wa kusahihishia, kwa kuwa kichwa cha fanksheni, vianzio, lupu, sharti na kujumlisha haviguswi na maelezo yaliyoandikwa.*

*La tatu. Katika Swali la 2(b) nimepewa 1 kwa 8. Sehemu hii ilitaka fanksheni ya (a) itumike. Naomba kujua kama kosa lililoonekana katika (a) limekatwa tena hapa, na kama ndivyo, iwapo hiyo ndiyo kanuni ya idara.*

*Ninaomba Swali la 2 lisahihishwe upya kwa mwongozo uliotumika kwa darasa zima, ikiwezekana na msahihishaji mwingine, na nipewe jibu kwa maandishi. Nimeambatisha picha za kurasa husika na nakala ya karatasi ya maswali.*

Sahihi, tarehe, na imekwisha. Ukurasa mmoja na kidogo.

Utaona hakuna baba wala kusi. Najua kusi ni nini, mwanangu. Nimeona majahazi yamelala Matondoni wiki nzima na sufuria zimelala nayo. Lakini msahihishaji akikupa alama kwa ajili ya bahari kuchafuka, hiyo si haki, ni sadaka, na bodi ya mitihani ikiigundua itaiondoa. Ikiwa shida ni ada, iandikie ofisi ya wanafunzi barua yake peke yake.

Wala hakuna neno kwamba mkufunzi hapendi watu wa visiwani. Pengine ni kweli, mimi simjui. Lakini huna ushahidi wa hilo, na yeye mwenyewe ndiye aliyekufungulia kijitabu na kukuruhusu kupiga picha, jambo ambalo walimu wengi hawalifanyi. Ukimshtaki nia yake, idara itasimama kumlinda mtu wake, na mjadala utahama kwenye `return` uende kwenye tabia. Kwa hiyo nenda kwake kwanza. Mwamkie, mwonyeshe ile jumla ya 17 na 18, kisha mwombe mfungue kurasa mbili pamoja. Mara nyingi mambo huishia hapo: mtu anaona, anasema "ah!", anaandika fomu ya kurekebisha alama. Akikataa, umeshapata tarehe ya kujaza kwenye aya ya kwanza ya barua.

Kuna ombi jingine ambalo sikuliweka kwa makusudi, nalo ni la idadi ya alama. Usiandike "naomba nipewe 12". Ukitaja namba, unakuwa unafanya biashara ya sokoni, nao watakupunguzia. Unachoomba ni mwongozo ufuatwe, basi, na namba itajitokeza yenyewe. Unahitaji alama moja tu juu ya ile ya kuhesabu, na sioni ni vipi usomaji wa haki wa Swali la 2 utakosa kuileta.

Ila angalia kitabu cha kanuni za mitihani cha chuo chako kabla ya kupeleka, mambo mawili. Muda: siku za kukata rufaa huhesabiwa tangu matokeo yatoke, si tangu ulipoona kijitabu, na huwa chache. Na pia kama alama zinaweza kushuka. Kusahihisha upya ni kuamua upya, na vyuo vingine huchukua alama mpya iwe imepanda au imeshuka. Ndiyo sababu ombi la kusahihisha nimelifunga kwenye Swali la 2 pekee, ambako huna kingi cha kupoteza. Usiseme "kijitabu chote kisahihishwe upya". Hatujui Swali la 4 ulipewa 5 kwa hisani gani.

Toa nakala mbili. Moja ibaki ofisini, nyingine karani aigonge mhuri wa kupokelewa wenye tarehe, uiweke wewe. Ukiwa unarudi Lamu likizo, usiiache iende na mtu, ipeleke mwenyewe kabla hujapanda basi la Mokowe. Barua isiyo na mhuri haikupelekwa, hata kama aliyeipeleka ni binamu yako.

Wakikaa kimya, mkumbushe mwenyekiti kwa barua fupi inayotaja tarehe ya mhuri, kisha upande kwa mkuu wa kitivo. Ibara ya 47 ya Katiba inampa mtu haki ya kupewa sababu kwa maandishi pale uamuzi wa kiutawala unapoathiri haki yake, na ipo sheria ya mwaka 2015 inayoitekeleza. Kwa chuo cha serikali, Tume ya Haki ya Utawala hupokea malalamiko ya aina hiyo. Nimeyaweka mwisho kwa sababu ni ya mwisho. Nimeona barua za wanafunzi zinazoanza na Katiba kwa ugomvi wa alama tatu, na mwenyekiti akiona hivyo huipeleka kwa mwanasheria wa chuo, nawe utakaa miezi ukisubiri jambo ambalo mkufunzi angelimaliza kwa rula.

Na jiandikishe kwa sapu wiki hii hii. Rufaa haisimamishi kalenda ya mitihani, na siku ya kujiandikisha ikipita, ushindi wa barua utabaki kuwa tegemeo lako peke yake. Ukishinda, utaifuta. Ukiikalia, hakikisha unajua `-7 // 2`.